GPU ama Display: nani avute picha ya 1280x960, na kwa nini gemu imekuwa nzito

"Niko na PC ya mtumba, kadi ni GTX 1650, monita ni inchi 24 ya 144Hz nimechomeka na HDMI. Nacheza CS2. Nimeona mapro wengi wanacheza 1280x960 imevutwa ikajaza skrini, nikajaribu. Kwanza nikapata mistari myeusi kando, nikaenda kwa setingi nikaweka Display ikajaa vizuri, lakini sasa gemu imekuwa nzito kama iko kwa matope. Jamaa wa shop ya gemu ananiambia Display ndio haina lagi, beshte yangu anasema GPU. Nishike gani bro?"

Shika GPU, uweke `Full-screen`, na utoe hiyo HDMI uchomeke DisplayPort. Hiyo ndio jibu fupi. Lakini nataka uelewe kwa nini, juu hao watu wawili wote wana kaukweli kidogo, ni vile tu wanabishana kuhusu kitu ambacho karibu hakika sio kinachokuumiza. Uzito unaosikia nina uhakika mkubwa umetoka kwa Hz. Ulipoweka Display, monita yako ilishuka kutoka 144Hz ikaenda 60Hz na hakuna mahali iliandika kwa skrini kwamba imeshuka, ikanyamaza tu.

Tuanze na kinachotembea kwa kebo, juu ukishaelewa hapo kila kitu kingine kinajieleza.

Gemu ikichora picha ya 1280x960, hiyo picha ni ndogo kuliko monita yako ya 1920x1080. Lazima mtu fulani aikuze ijaze skrini. Kuna watu wawili tu wanaweza kufanya hiyo kazi. Wa kwanza ni kadi, ndio hiyo GPU: inachukua picha ndogo, inaivuta ikiwa bado ndani ya kadi, alafu kwa kebo inatuma 1920x1080 kamili kama kawaida. Monita haijui kama kuna kitu kimebadilika, kwake yeye hiyo ni 1080p ya kila siku. Wa pili ni monita, ndio hiyo Display: kadi inatuma 1280x960 mbichi kwa kebo, na chipu ndogo iko ndani ya monita ndio inavuta. Hapo sasa monita lazima ibadilishe kabisa aina ya mawimbi inayopokea, ndio maana ukiwa Display skrini inazima sekunde mbili tatu ukiingia gemu, na inazima tena uki-`Alt+Tab`. Ukiwa GPU haizimi hivyo, juu kwa kebo hakuna kilichobadilika. Hiyo pekee ni dalili nzuri ya kujua uko wapi hata bila kufungua menyu.

Sasa mtego wenyewe. Kila monita ikichomekwa inaipa kadi orodha ya saizi inazokubali na Hz za kila saizi, hiyo orodha inaitwa EDID. Watu wengi wanadhani monita ikiwa ya 144Hz basi ni 144Hz kwa kila saizi, na si hivyo. Mara nyingi hiyo 144 imeandikwa kwa 1920x1080 peke yake. Saizi za zamani ziko kwa orodha kwa ajili tu ya kompyuta ziwake bila shida, kwa hivyo zimeandikwa na Hz za zamani: 1024x768 unaipata mpaka 75Hz, 1280x1024 mpaka 75Hz, na 1280x960 mara nyingi ni 60Hz na inaishia hapo. Ukisema Display, kadi inaheshimu hiyo orodha. Inatafuta 1280x960, inakuta 60Hz, inatuma 60Hz. Imefanya kile umeiambia.

Angalia hiyo inamaanisha nini kwa macho yako. Kwa 144Hz picha mpya inakuja kila milisekunde 6.9. Kwa 60Hz inakuja kila milisekunde 16.7. Umeongeza karibu milisekunde 10 kati ya picha na picha, na mwendo umeacha kuwa laini, ndio hiyo matope unasema. Hakuna ubishi wa GPU na Display unaofika milisekunde 10 kwa monita ya gemu iliyo sawa.

Kuna shop moja ya gemu huku Roysambu niliitwa kuangalia mashine, mwenyewe alikuwa ashaamini kadi imekufa. Kadi ya aina yako hiyo hiyo, monita ya 144Hz, wateja wanalalamika mashine moja ni nzito na zile zingine ziko sawa. Nilibonyeza kile kijitufe kiko chini ya monita, nikaenda mahali pa habari za mawimbi, pakawa pameandikwa 1280x960 60Hz. Mashine ya jirani, gemu hiyo hiyo, saizi hiyo hiyo, monita inasema 1920x1080 144Hz. Mtu alikuwa amegusa setingi moja tu. FPS kwa kona ya gemu zilikuwa juu ya 150 kwa zote mbili, na ndio maana walikuwa wanaangalia kadi na processa wakiona kila kitu kiko sawa. FPS ni picha ngapi kadi inachora. Hz ni ngapi unaonyeshwa. Ukichora 150 na kuonyeshwa 60, zingine zote haziwahi kufika kwa jicho lako zikiwa nzima.

Kwa hivyo usiamini menyu ya kadi, soma mawimbi yenyewe. Njia rahisi bila kufungua gemu: toka kwa gemu, weka deskitopu ya Windows iwe 1280x960, alafu fungua `Settings > System > Display > Advanced display`. Utaona mistari miwili. `Desktop mode` ni saizi ambayo Windows inachora. `Active signal mode` ni kile kinapita kwa kebo saa hiyo. Kama ya kwanza ni 1280x960 na ya pili ni 1920x1080 na 144Hz, kadi ndio inavuta na uko sawa. Kama zote mbili ni 1280x960, monita ndio inavuta, na hapo sasa angalia Hz kwa makini. Kwa Windows 10 maneno yanaweza kuwa `Desktop resolution` na `Active signal resolution`, ni kitu kile kile. Ukiwa tayari ndani ya gemu tumia menyu ya monita yenyewe kama nilivyofanya Roysambu, hiyo haidanganyi juu monita inaripoti kile imepokea.

Nasema usiamini menyu ya kadi kwa sababu nyingine pia. Unaweza kuwa umechagua Display, lakini kama saizi uliyotaka haiko kwa orodha ya monita kabisa, driva inaweza kuamua kuvuta yenyewe. Ndio maana mtu mmoja anasema "mimi niko Display na sina shida yoyote," kumbe hajawahi kuwa Display hata siku moja. Mawimbi ndio ushahidi.

Sasa kurekebisha. Anza na kebo kabla ya setingi. Baadhi ya monita za 144Hz hasa za kitambo, HDMI yake inaishia 120Hz au chini ya hapo, na 144 yenyewe iko kwa DisplayPort pekee. GTX 1650 nyingi ziko na tundu la DisplayPort, chungulia nyuma utaiona, ni kama mstatili lakini kona moja imekatwa. Hakikisha umechomeka kwa kadi na si kwa ubao, hizi mashine za ofisi zilizotoka ng'ambo ziko na matundu ya DisplayPort mengine kwa ubao na watu huchomeka huko kwa makosa, unabaki unacheza na grafiki za processa. Kebo unapata Luthuli bila shida, ila ijaribiwe hapo hapo dukani kama wanakubali, kebo mbaya ya DisplayPort inakupa skrini inayozimazima na utaanza kulaumu setingi ambazo hazina makosa.

Ukishachomeka, kwanza rudisha deskitopu iwe 1920x1080 na uweke 144Hz kwa hiyo `Advanced display`. Usiruke hii, Windows ikiona kebo mpya inaweza kukuweka 60Hz tena.

Alafu fungua `NVIDIA Control Panel`, upande wa kushoto chini ya `Display` bonyeza `Adjust desktop size and position`. Hapo kwa `Scaling` chagua `Full-screen`. Kwa `Perform scaling on` chagua `GPU`. Alafu weka tiki kwa `Override the scaling mode set by games and programs`, kisha `Apply`. Hiyo tiki wengi wanaiacha na ndio inafanya mistari myeusi irudi, juu gemu inaweza kuomba yake ikapewa. Ile mistari uliona mwanzo ilitoka kwa `Aspect ratio`, ambayo ni ya kulinda umbo la picha: 1280x960 ni 4:3, monita ni 16:9, ukilinda umbo lazima pande mbili zibaki tupu. Haikuwa hitilafu.

Ona hapa kuna maswali mawili tofauti kwa ukurasa mmoja, na nafikiri ndipo ulichanganyikiwa. `Full-screen` ama `Aspect ratio` ni umbo gani picha ikae. `GPU` ama `Display` ni nani afanye kazi. Ulibadilisha la pili ukidhani ndio litaondoa mistari, na likaondoa kweli, kwa bahati tu, juu monita yako yenyewe imewekwa ijaze kila kitu. Monita nyingine ingekuachia mistari ile ile, ingebidi uende kwa menyu yake utafute mahali pa umbo la picha ubadilishe huko.

Ukiwa na kadi ya AMD ni kwa `AMD Software`, kwa mambo ya `Display`, unawasha `GPU Scaling` na kwa `Scaling Mode` unachagua `Full panel`. Na kama kuna mtu anasoma hii akiwa na laptopu ya kadi mbili na haoni kabisa sehemu ya `Display` kwa menyu ya NVIDIA, sio driva imeharibika. Kwa laptopu nyingi skrini imeunganishwa na grafiki za processa, kadi kubwa inachora tu na kupitisha. Setingi ya kuvuta iko kwa programu ya Intel ama AMD, tafuta huko.

Ndani ya CS2 nenda kwa setingi za video. `Display Mode` iwe `Fullscreen`, sio `Fullscreen Windowed`. Hiyo ya pili inakaa kama dirisha juu ya deskitopu na haibadilishi saizi ya skrini, kwa hivyo setingi zako zote za skelingi hazina kazi. `Aspect Ratio` iwe 4:3, `Resolution` 1280x960, na Hz ziwe 144. Ukitaka kuthibitisha gemu imehifadhi nini, ndani ya folda ya Steam fuata `userdata`, alafu namba ya akaunti yako, alafu `730\local\cfg`, fungua `cs2_video.txt` uangalie mistari hii:

```
"setting.defaultres"             "1280"
"setting.defaultresheight"       "960"
"setting.refreshrate_numerator"  "144"
```

Usishtuke ukikuta namba ya Hz imeandikwa ndefu na chini yake kuna `denominator`, ni sehemu tu, gawanya ya juu kwa ya chini upate Hz zako. Ukipata 60 hapo, gemu ilihifadhi ile hali ya Display, rudi kwa menyu uchague tena.

Sasa turudi kwa ubishi wa jamaa yako wa shop, juu sitaki kumwonea. Anaposema Display haina lagi, wazo lake ni kwamba kadi ikivuta picha imeongeza kazi, na kazi ni muda. Kinachomponyoka ni mahali kazi inafanyika. Kuvuta hakufanywi na ile sehemu ya kadi inayochora gemu, kunafanywa na kipande kingine mwisho kabisa, mahali picha inasomwa mstari kwa mstari kwenda kwa kebo. Hakisubiri picha nzima, kinahitaji mistari michache tu iliyo karibu ili kukadiria mstari mpya. Kwa 1080p ya 144Hz mstari mmoja unachukua karibu sehemu 6 za milioni ya sekunde. Hata kikishikilia mistari 10, hiyo ni milisekunde 0.06. Mkono wako hauwezi kujua hiyo, na FPS hazipungui kwa sababu yake.

Upande wa monita, chipu yake inaweza kufanya vile vile, mstari kwa mstari, na monita nyingi nzuri za gemu hufanya hivyo, kwa hivyo lagi inakuwa sawa na ya kadi ama tofauti usiyoiona. Lakini kuna chipu zingine, hasa kwa TV na monita za ofisi, zinaweka kwanza picha nzima kwa kumbukumbu ndio zianze kuivuta. Hapo umeongezewa picha nzima: milisekunde 6.9 ukiwa 144Hz, 16.7 ukiwa 60Hz. Na hakuna boksi la monita linakuandikia ni aina gani. Kwa hivyo Display ikiwa nzuri sana inatoka sare na GPU, ikiwa mbaya inakuua. Ndio maana namwambia kila mtu aanze na GPU isipokuwa awe amepima.

Na kupima kunawezekana bila vifaa vya bei. Simu nyingi siku hizi zinarekodi taratibu kwa fremu 240 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 4.2 hivi. Weka simu ikiwa imetulia ione panya na skrini kwa pamoja, ingia gemu ya peke yako, shika bastola, bonyeza mara kadhaa, alafu hesabu fremu kutoka kidole kishuke mpaka mwako wa risasi uonekane. Fanya hivyo kwa GPU, badilisha, fanya kwa Display, mibonyezo mingi kila upande uchukue wastani, juu mbonyezo mmoja unategemea bahati ya ulipatana wapi na picha. Hakikisha Hz ni zile zile pande zote mbili, la sivyo unapima Hz ukidhani unapima skelingi. Wastani ukitofautiana chini ya fremu moja, chagua kwa kigezo kingine, kama vile unavyopenda picha inavyokaa. Chipu za monita zingine zinaongeza ukali kwa picha, za kadi mara nyingi zinalainisha, na kuna mtu anapenda huu na kuna anayependa ule.

Ukitaka kweli kubaki Display na kupata 144Hz, ni lazima utengeneze saizi yako kwa `Change resolution > Customize > Create Custom Resolution`, uombe 1280x960 kwa 144Hz, na uone kama monita inakubali. Zingine zinakubali, zingine zinakuonyesha skrini nyeusi na ujumbe wa kusema mawimbi yako nje ya uwezo wake, hapo subiri bila kugusa kitu irudi yenyewe. Kwa maoni yangu haina faida ya kutosha kwa hiyo taabu.

Hebu sasa tuangalie kama hii kuvuta yenyewe inakupa kile unadhani, juu hapa ndipo wengi wanadanganywa na macho. CS2 haibadilishi kiasi unachoona juu na chini, kwa hivyo ukitoka 16:9 kwenda 4:3 unapoteza kando. Kwa 16:9 unaona kama digrii 106 kwa upana, kwa 4:3 unaona 90. Ni karibu digrii 8 kila upande zimekatwa, na adui aliyesimama kwa hicho kipande hayuko kwa skrini yako kabisa ilhali kwa mwenye 16:9 yuko.

Unapata nini badala yake? Chukua kichwa cha adui aliye mbali, ambacho kwa 1920x1080 ya kawaida kina upana wa pikseli 18 na urefu wa 18. Kwa 1280x960 gemu inakichora kwa pikseli 16 kwa 16. Alafu kinavutwa: upana mara 1.5, urefu mara 1.125. Kwa monita kinakaa pikseli 24 kwa upana na 18 kwa urefu. Kwa hivyo ndio, kimenenepa theluthi moja na urefu haujabadilika, jicho lako linakiona haraka zaidi na mimi naamini hiyo faida ni ya kweli kwa watu wengi. Lakini hiyo 24 imetengenezwa kutoka kwa 16. Gemu imekupa habari kidogo kuliko ile 18 ya mwanzo, zingine ni za kukadiria, na kwa kuwa 1.5 sio namba kamili, kila pikseli 2 zinasambazwa kwa 3, ndio maana kingo za ukuta na maandishi zinakuwa na ukungu. Hiyo ukungu inakuja awe ni kadi ama ni monita anavuta, usimfukuze mmoja kwa ajili yake.

Na panya haijui chochote kuhusu haya. Kichwa kikinenepa kwa skrini, kwa gemu bado ni digrii zile zile, mkono unasogea umbali ule ule kukivuka, na mzunguko mzima wa digrii 360 unachukua sentimita zile zile kwa meza. Kilichobadilika ni kwamba kila kitu kinachoenda kushoto na kulia kinaonekana kwenda haraka zaidi kwa theluthi hiyo hiyo, pamoja na adui anayekatiza mlango. Ukianza kuona panya imekuwa kali kwa upande na ya kawaida juu na chini, ni hiyo. Usikimbilie kushusha sensitiviti siku ya kwanza, macho yanazoea.

FPS nazo zinategemea nani amechoka. 1280x960 ni kama asilimia 59 ya pikseli za 1080p, kwa hivyo GTX 1650 itapumua kweli. Lakini mashine nyingi za mtumba ziko na processa ya miaka kumi hivi, na CS2 inaitesa sana processa. Kama kadi ilikuwa inafanya kazi asilimia 95 na zaidi kwa 1080p, ukishuka utaona FPS zimepanda. Kama ilikuwa asilimia 60, processa ndio inakuzuia na kushusha saizi hakutakupa kitu. Fungua `Task Manager` ukiwa kwa mechi uangalie GPU kabla ya kuamua.

Na usichukue haya mambo ukaenda nayo Valorant ukitarajia matokeo yale yale. Ile gemu inashikilia upana wake wa kuona, ukivuta skrini kwa njia ya kawaida alama na menyu ndizo zinanenepa lakini maadui hawanenepi vile wanavyonenepa CS2.

Kwa hali yako, kabla hujaamua kuishi na 1280x960, jaribu 1440x1080 na setingi hizo hizo za GPU na `Full-screen`. Kama haiko kwa orodha itengeneze kwa hiyo `Create Custom Resolution`. Nayo ni 4:3, kwa hivyo maadui wananenepa kiasi kile kile na unapoteza digrii zile zile za kando. Lakini urefu ni 1080, sawa na monita, kwa hivyo juu na chini hakuna kinachovutwa. Kile kichwa chetu gemu inakichora pikseli 18 kwa 18, kama kawaida, alafu kinapanuliwa upana tu mpaka 24. Ukungu unapungua sana na hujapoteza hata pikseli moja ya habari. Bei yake ni kwamba kadi inachora asilimia 75 ya pikseli za 1080p badala ya 59. Cheza mechi kadhaa za deathmatch na kila moja, `cl_showfps 1` ikiwa imewashwa. FPS zikikaa juu ya 144 kukiwa na moshi na watu wengi kwa skrini, baki na 1440x1080. Zikishuka hapo chini na `Task Manager` ikionyesha kadi imejaa, rudi 1280x960.